Kava la Simu na Modeli Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wauzaji wa Mtandaoni

Maswali haya ni ya wauzaji wa kava na protekta wanaotangaza bidhaa zao Instagram, WhatsApp au kwenye masoko ya mtandaoni, kisha wakatuma mzigo kwa basi au bodaboda kwa mteja ambaye hawajawahi kuonana naye. Dukani, mteja hutoa simu mfukoni na kava likajaribiwa palepale. Mtandaoni hakuna nafasi hiyo, kwa hiyo kazi ya kujaribisha huachiwa maandishi ya tangazo. Mifano mingi hapa chini ni ya Samsung za daraja la A, kwa sababu ndizo zinazochanganya watu zaidi.

Nimetangaza "Kava la Samsung A32", na mteja kweli ana Samsung A32. Imekuwaje kava halitoshi?

Mwaka 2021 Samsung ilitoa simu mbili zenye jina la Galaxy A32, na bodi zake si moja. Ya 4G, ambayo modeli yake ni SM-A325, ina urefu wa milimita 158.9, upana wa milimita 73.6 na unene wa milimita 8.4. Ya 5G, modeli SM-A326, ina urefu wa milimita 164.2, upana wa 76.1 na unene wa 9.1. Tofauti yake ni zaidi ya nusu sentimita kwa urefu na milimita mbili na nusu kwa upana. Kwa kitu kinachotakiwa kuibana simu pande zote nne, hiyo ni tofauti kubwa sana.

Kosa likitokea upande mmoja, huonekana mara moja: kava la 4G haliingii kabisa kwenye simu ya 5G, na mteja hupiga simu dakika hiyohiyo. Upande wa pili ndio wenye hila. Kava la 5G likivishwa simu ya 4G huingia kwa urahisi, kisha simu hucheza ndani yake, vitufe vya sauti havikai chini ya vifuniko vyake, na tundu la kamera halilingani na lenzi. Kuna wateja ambao huvumilia hali hiyo kwa siku kadhaa wakidhani kava ni la ubora hafifu, kisha hurudi wakilalamikia ubora, na muuzaji huanza kumlaumu msambazaji ilhali kava lenyewe halina kasoro yoyote.

Galaxy A22 ya mwaka huohuo ina mtego uleule, na tofauti yake ni kubwa zaidi: ya 4G, SM-A225, ina urefu wa milimita 159.3, na ya 5G, SM-A226, ina milimita 167.2.

Basi je, kila simu yenye toleo la 4G na la 5G huhitaji kava tofauti?

Hapana, na hapo ndipo mazoea humponza muuzaji. Galaxy A15 ya 4G, SM-A155, na ya 5G, SM-A156, zina vipimo vilevile vya milimita 160.1 kwa 76.8 kwa 8.4, kamera zimepangwa sawa, na kava moja hutosha zote mbili. Muuzaji aliyezoea A15 akipokea oda ya A22 na kuichukulia vivyo hivyo atatuma mzigo usiofaa. Hakuna kanuni ya jumla ya kukariri hapa. Kila jozi hukaguliwa peke yake, na matokeo ya ukaguzi huandikwa kwenye tangazo hata pale ambapo jibu ni kwamba kava linatosha zote. Tangazo linalosema "linatosha A15 ya 4G na ya 5G" humwondolea mteja wasiwasi na hupunguza maswali ya jioni nzima.

Namba ya modeli hupatikana wapi, na ni sehemu gani yake inayohusu kava?

Kwenye simu za Android, mteja hufungua Mipangilio, hushuka hadi mwisho na kugusa Kuhusu simu. Kwa waliotumia Kiingereza, maneno hayo husomeka `Settings` na `About phone`. Kwenye Samsung ataona kitu kama `SM-A325F/DS`. Sehemu inayotuhusu ni `A325`. Herufi inayofuata huonyesha soko ambalo simu ilitengenezewa, na `DS` humaanisha kwamba simu ina nafasi ya laini mbili. Kwa kava la A32, mambo hayo mawili hayana uzito: SM-A326B na SM-A326U, ambayo ni ya soko la Marekani na mara nyingi huletwa na ndugu aliyeko huko, huvaa kava lilelile.

Infinix huweka namba zinazoanza na X. Hot 40 ni X6836, Hot 40i ni X6528 na Hot 40 Pro ni X6837. Mteja anayesema "nina Hot 40" anaweza kuwa na yoyote kati ya hizo, kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida watu huacha kiambishi cha mwisho. Namba ya X haina kiambishi cha kuachwa.

Kwa iPhone mambo hugeuka kidogo. Mteja hufungua `Settings`, kisha `General`, kisha `About`, na jina kamili la simu huandikwa kwenye mstari wa `Model Name`, kwa mfano `iPhone 13`. Jina hilo hutosha kwa kava. Namba inayoanza na A ipo pia, lakini simu moja huwa na kadhaa kulingana na nchi ilikouzwa: iPhone 13 inaweza kuwa A2633 au A2482, na bodi ni ileile. Ukiandika namba moja tu ya A kwenye tangazo, utamfukuza mteja ambaye kava lingemtosha.

Mteja hawezi kufungua Mipangilio, au anamnunulia mtu mwingine. Nimuulize nini?

Muulize kitu anachoweza kukiona au kukigusa kwenye simu yenyewe. Kwa A32 kuna swali moja linalomaliza shauri, kwa sababu simu hizo mbili hazisomi alama ya kidole mahali pamoja. Mazungumzo yake huenda hivi:

— Habari kaka, naomba kava la A32.

— Nzuri dada, karibu. Ni A32 ya 4G au ya 5G?

— Mimi naona 4G juu pale.

— Hiyo inaonyesha mtandao tu. Ukifungua simu kwa kidole, unagusa kioo au kitufe cha pembeni?

— Nagusa kioo.

— Basi hiyo ni ya 4G. Ukipata mtu wa kukusaidia, naomba picha ya ukurasa wa Kuhusu simu kabla sijafunga mzigo.

Kosa lililoepukwa hapo ni la kawaida sana. Alama ya 4G inayoonekana juu ya skrini ni ya mtandao unaopatikana mahali mtu alipo. Simu ya 5G ikiwa mahali pasipo na 5G huonyesha 4G vilevile. Alama hiyo haifai kutambulisha modeli, na ni vizuri muuzaji asiiulize kabisa, kwa maana jibu lake linaweza kupotosha hata pale mteja anaposema kweli tupu.

Njia nyingine, kwa mteja aliyeko Tanzania, ni kubonyeza `*#06#` ili kupata namba ya IMEI, kisha kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kuhakiki simu. Njia hii hufaa hasa pale unaposhuku kuwa simu ni ya kughushi, kwa kuwa simu ya namna hiyo inaweza kuonyesha jina la uongo hata kwenye ukurasa wa Kuhusu simu. Ikithibitika kuwa ni ya kughushi, ni bora kumweleza mteja kwa staha kwamba kava la simu halisi huenda lisimtoshe, na kumshauri aende na simu yake dukani akajaribu, kuliko kumtumia mzigo kwa kubahatisha.

Maelezo ya kava moja yaandikweje hasa?

Tuchukue kava lilelile la A32 ya 5G. Tangazo la kawaida huwa hivi: "Kava kali la Samsung A32, imara, rangi zote, karibuni." Ndani ya sentensi hiyo hakuna neno hata moja litakalomzuia mwenye simu ya 4G kulipia. Tangazo linalofanya kazi yake linaweza kuwa hivi:

> Kava la silikoni la Samsung Galaxy A32 ya 5G, modeli SM-A326.
>
> Linatosha: simu zote ambazo modeli yake inaanza na SM-A326, ikiwemo SM-A326B na SM-A326U.
>
> Halitoshi: Galaxy A32 ya 4G, yaani SM-A325, ambayo ni fupi na nyembamba zaidi.
>
> Kuhakiki: fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome namba ya modeli. Kama alama ya kidole unaiweka kwenye kitufe cha pembeni, simu yako ni ya 5G. Kama unaiweka juu ya kioo, ni ya 4G na kava hili si lake.
>
> Rangi nyeusi isiyong'aa. Kingo zimepanda kidogo kuzunguka kamera. Halina sumaku wala pete ya kidole.
>
> Kwenye pakiti: kava moja. Simu na protekta zinazoonekana pichani haziuzwi pamoja nalo.

Mambo mawili yanastahili kuelezwa zaidi. La kwanza ni kwamba modeli imewekwa kwenye mstari wa kwanza kabisa, kabla ya rangi na sifa, kwa sababu kwenye simu mteja huona mstari mmoja au miwili tu kabla ya kulazimika kugusa ili asome zaidi, na wengi hawagusi. Ukianza na sifa, modeli itafichika chini.

La pili ni mstari wa "Halitoshi". Wauzaji wengi huukwepa wakihofia kwamba neno la kukataa litafukuza wateja. Kwa maoni yangu huo ndio mstari wenye thamani kuliko yote, ila uandikwe kwa kuchagua. Hakuna haja ya kusema kwamba kava la A32 halitoshi Tecno. Taja zile simu mbili au tatu tu ambazo mtu mwenye akili timamu angeweza kuzichanganya na hii: yenye jina lilelile na mtandao tofauti, yenye herufi moja ya ziada, au iliyotoka mwaka uliofuata ikafanana nayo kwa nyuma.

Vipimo vya simu mbili vikilingana, naweza kusema kava moja linatosha zote?

Si lazima. iPhone 13 na iPhone 13 Pro zina urefu, upana na unene uleule kwenye karatasi, yaani milimita 146.7 kwa 71.5 kwa 7.65. Hata hivyo 13 Pro ina kamera tatu na kitako chake cha kamera ni kikubwa, kwa hiyo kava la iPhone 13 hukwama kwenye kona ya kamera na haliketi. Ukilivisha kinyume, kava la 13 Pro huingia kwenye iPhone 13 na kuacha uwazi mpana kuzunguka lenzi, ambao hauna ulinzi wowote na huonekana vibaya.

iPhone 12 na 12 Pro, kwa upande mwingine, hushirikiana kava bila tatizo, na Apple yenyewe iliuza kava moja kwa ajili ya zote mbili. Kwa hiyo vipimo vya bodi hukataza tu, havithibitishi. Vikitofautiana kwa milimita mbili, jibu ni hapana na kazi imekwisha. Vikilingana, bado una kamera ya kukagua, kisha vitufe vya sauti na cha kuwashia viko upande gani na kwa umbali gani kutoka juu, kisha matundu ya chini ya chaji, spika na, kwa simu zilizo nalo, tundu la waya wa masikioni.

Herufi ndogo ya mwisho, kama "s" au "i", ina umuhimu kweli?

Ina umuhimu mkubwa, na Galaxy A05 ndiyo inayonisumbua zaidi. A05, modeli SM-A055, ina urefu wa milimita 168.8 na upana wa 78.2. A05s, modeli SM-A057, ina urefu wa 168.0 na upana wa 77.8. Tofauti haifiki hata milimita moja, na kwa kuwa kava la silikoni hunyumbulika, litavalika. Muuzaji anayejaribu kava juu ya meza kwa haraka anaweza kuridhika. Ila A05 ina kamera mbili nyuma na A05s ina tatu, na kava lenye matundu mawili huifunika lenzi ya tatu.

Njia ya kumuuliza mteja hapa ni rahisi kuliko ya A32: "Nyuma kuna kamera ngapi, mbili au tatu?" Mweleze asihesabu taa ya mwanga, kwa sababu wapo wanaoihesabu kama kamera. Ukitaka uhakika zaidi, uliza kama simu ina alama ya kidole. A05s inayo pembeni. A05 haina kabisa.

Unapoandika tangazo, usiiache herufi hiyo ipotee ndani ya herufi kubwa. "KAVA ZA A05S" na "KAVA ZA A05" hufanana machoni mwa mtu anayesoma upesi. Andika A05s kwa herufi ndogo ya mwisho, na uongeze SM-A057 mbele yake.

Lebo ya pakiti ina majina mawili au matatu ya simu. Niyaandike yote?

Yaandike yale uliyoyathibitisha kwa simu halisi, au yale ambayo una hakika kwamba ni bodi moja yenye majina mawili. Mfano mzuri wa bodi moja ni Redmi 13C na POCO C65: vipimo ni milimita 168 kwa 78 kwa 8.1 kwa zote mbili, kamera zimekaa mahali pamoja, na mwenye POCO anayetafuta kava kwa jina la simu yake atakosa kuliona tangazo lako kama umeandika Redmi peke yake. Hapo kuongeza jina la pili ni faida tupu.

Lakini lebo yenye mkwaju kati ya majina mara nyingine huwekwa na kiwanda kwa sababu ya kamera tu, au kwa sababu mwanya uliobaki walihesabu kuwa ni mdogo. Kama huna simu ya pili ya kujaribu, andika jina moja na umweleze anayeuliza kwamba lebo inataja na la pili ila wewe hujalihakiki. Mteja wa namna hiyo akikubali kununua, amekubali akijua.

Naweza kutumia ukubwa wa skrini, kama "kava la inchi 6.5"?

Hapana. Inchi hupimwa kwa mshazari wa skrini, kona hadi kona, na hazisemi lolote kuhusu kingo, unene au kamera. Simu za inchi 6.5 ni nyingi mno na hazivai kava moja.

Protekta nayo ifuate modeli ileile ya kava?

Mara nyingi ndiyo, lakini si mara zote, na kuna fedha hupotea pande zote mbili. Kava hufuata bodi na kamera. Protekta hufuata kioo cha mbele. iPhone XR na iPhone 11 zina kioo cha mbele cha umbo na ukubwa mmoja, kwa hiyo protekta moja hutosha zote, ilhali kava haliwezekani kwa sababu XR ina kamera moja na 11 ina mbili. Muuzaji anayeweka kava na protekta kama seti moja na kuandika "XR/11" juu ya seti nzima amesema kweli kwa nusu ya mzigo tu. Kila kitu kiwe na mstari wake wa modeli hata kama vimo kwenye pakiti moja.

Jambo la pili la protekta ni alama ya kidole iliyo ndani ya kioo. A32 ya 4G husoma kidole kwa mwanga unaopita kwenye kioo, kwa hiyo protekta iwe ang'avu katika eneo hilo. Ile nyeusi ya kuficha skrini kwa watu wa pembeni inaweza kufanya kidole kisisomeke. Baada ya kubandika, mteja asajili kidole chake upya, kwa sababu picha iliyohifadhiwa awali ilichukuliwa bila kioo cha ziada juu yake. Ukiiandika hatua hiyo kwenye tangazo, utaepuka malalamiko mengi yanayofika na maneno "protekta yako imeharibu simu".

Galaxy S za daraja la juu, kama S24 Ultra, hutumia mawimbi ya sauti kusoma kidole. Kwa hizo, kioo kinene au kilichogundishwa pembeni pekee, kikaacha hewa katikati, huzuia usomaji. Tangazo la protekta ya simu hizo liseme gundi imekaa wapi, pembeni au kioo kizima, na liseme wazi kama umeijaribu na alama ya kidole. Anayenunua kwa modeli peke yake atapata protekta inayokaa vizuri na isiyomfaa.

Mteja ana iPhone inayofanana na 14 Pro lakini kava la 14 Pro halimwingii. Tatizo ni nini?

Huenda ni iPhone XR iliyovishwa bodi mpya. Mafundi huchukua XR, hubadilisha fremu na mgongo, na kuweka kitako cha kamera chenye sura ya 14 Pro. Ndani bado ni XR, na ukurasa wa `About` husema `iPhone XR`. Ukubwa wake ni wa XR, ambao ni mkubwa kuliko wa 14 Pro, na mgongo wake si wa XR tena. Kwa hiyo hakuna kava kati ya yale mawili ya kawaida linaloweza kumtosha. Kuna kava zilizotengenezwa mahsusi kwa simu hizi, na wauzaji huzitaja kama "XR kwenda 14 Pro" au kwa jina la bodi iliyotumika. Kioo cha mbele kwa kawaida hubaki cha XR, na protekta ya XR ndiyo ya kuanzia.

Kwa kuwa baadhi ya wenye simu hizi waliuziwa wakiamini ni 14 Pro halisi, jambo hili linataka ulimi laini. Omba picha mbili, ya ukurasa wa `About` na ya mgongo wa simu, kisha umweleze ni kava la aina gani litamkaa. Huna wajibu wa kumtolea hukumu aliyemuuzia.

Kava lenye duara la sumaku: nitaje modeli tu au kuna zaidi?

Kuna zaidi kidogo. Sumaku za MagSafe zilianza na iPhone 12 mwaka 2020. Kava lenye sumaku la iPhone 11 linaweza kushika kishikio cha gari, lakini simu yenyewe ndani yake haina sumaku hizo, na tangazo lisimwahidi mteja kitu ambacho simu haina. Hakikisha pia kwamba duara jeupe lililo mgongoni mwa kava ni sumaku kweli. Zipo kava ambazo duara limechorwa tu. Sogeza klipu ya karatasi. Isiposhika, andika kwamba duara ni la mapambo.

Picha ziwe za namna gani?

Ziwe za kava lenyewe ulilo nalo. Picha ya msambazaji mara nyingi ni moja kwa modeli zote, na kava la A05 huonyeshwa likiwa limevaa simu nyingine kabisa. Piga picha ya mgongo ukiwa umeuelekea wima, ili matundu ya kamera yahesabike bila shida, kisha upande wenye vitufe, na lebo ya pakiti ikiwa inasomeka. Ukiwa na simu yenyewe, livishe na upige ya nne ukiwa umekaribia kamera. Picha ya pembeni yenye mwanga wa kupendeza ibaki kwa ajili ya rangi.

Mzigo umefika na mteja anasema haufai. Nianzie wapi?

Omba picha mbili kabla ya kujadili fedha: ukurasa wa Kuhusu simu, na simu ikiwa imevaa kava au imewekwa juu yake pale isipoingia. Picha ya kwanza hukuambia kama modeli ni ile uliyoiandika. Ya pili hukuambia kama kava lililotoka kwenye pakiti ni lile ulilodhani umetuma, kwa maana hutokea pakiti ya A325 ikiwa na kava la A326 ndani kwa sababu ya mchanganyiko wa ghala.

Modeli ikiwa sahihi na kava si sahihi, kosa ni la upande wako au la msambazaji, na nauli ya kurudisha mzigo ni yako. Fungua na pakiti nyingine za kundi hilo upime kava moja moja kwa rula kabla hujatuma nyingine, ukipima ndani ya kava na siyo nje. Modeli ikiwa tofauti na tangazo lilieleza waziwazi, unayo haki ya kuomba mteja achangie nauli, na kumwonyesha mstari wenyewe husaidia kuliko kubishana. Modeli ikiwa tofauti na tangazo halikueleza, badilisha mzigo bila mjadala, kisha siku hiyohiyo ongeza jina la simu yake kwenye mstari wa "Halitoshi".